Mgongo Hautoshi: Kumjua Kiumbe wa Pwani kwa Picha

(Hotuba iliyotolewa Jambiani, Unguja, jioni moja kabla ya bamvua, mbele ya wakulima wa mwani, vijana wanaotembeza wageni na walimu wa skuli.)

Asalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokaa nyuma mkidhani sikuoneni, hamjambo.

Nimeombwa nieleze namna ninavyowajua viumbe kwenye picha mnazonitumia. Kila bamvua simu yangu inajaa. Maji yakitoka saa nne asubuhi, kufika saa sita nina kaa, nina viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, nina vidude ambavyo hata aliyevipiga hajui kama ni mnyama au ni kipande cha mfuko. Na kila picha inakuja na swali lile lile: "Kaka, huyu nani?" Nyingi siwezi kuzijibu, nikikwambia sijui wengine mnaona nakufanyia maringo. Leo nataka mjue kwa nini siwezi, ili kesho mkienda mnipigie picha ninayoweza kuijibu.

Sababu ni moja tu, na nyingine zote ni watoto wake. Mtu anampiga kiumbe pale anapopendeza, yaani mgongoni, kwenye rangi. Alama inayomtenga na nduguye iko kwingine. Kwa kaa iko ukingoni mwa gamba na kwenye mguu wa mwisho. Kwa kiti cha pweza iko tumboni. Kwa koa wa bahari iko kichwani na mkiani, na haionekani kabisa mpaka awe ndani ya maji.

Tuanze na kaa, maana kila mtu hapa anadhani anamjua kaa.

Mwaka jana kijana mmoja alinitumia kaa aliyemkuta kwenye majani ya bahari, huku ndani, kabla hujafika kwenye mwamba. Kaa wa kijani iliyofifia, mpana kama kiganja cha mtoto, magando yamenyooka mbele kama anayetaka ugomvi. Aliandika: "Kaa wa mikoko, mdogo." Nikamuuliza kwa nini anasema wa mikoko. Akasema kwa sababu ni wa kijani. Nami ningeyaamini maneno yake, kwa sababu kaa wa mikoko kweli anakuwa wa kijani, lakini kwa bahati nzuri kijana yule alikuwa amesimama juu yake kabisa na kupiga picha moja iliyonyooka, gamba lote linaonekana pembe hadi pembe. Hapo nikahesabu meno.

Si meno ya mdomoni. Tazameni gamba la kaa yeyote wa jamii ya waogeleaji: mbele, kuanzia nje ya jicho kuelekea pembe ya ubavu, ukingo umekatwakatwa kama msumeno. Yale ndiyo meno. Hesabu upande mmoja tu, ukianza na lile lililo jirani ya jicho. Kaa wa mikoko, ambaye wataalamu wanamwita Scylla serrata, ana meno 9 kila upande, yanayolingana karibu yote. Kaa wa kijana yule alikuwa na 5. Basi mazungumzo yakaishia hapo, si wa mikoko hata akue vipi. Meno 5 yanayolingana, gamba pana, paji la uso lenye mawimbi ya mviringo: huyo ni Thalamita crenata, ambaye anaishi kwenye matope na majani ya bahari pwani yetu yote na hakui kufikia ukubwa wa kaa wa mikoko. Ukihesabu ukapata 6, kwa kawaida umeingia kwenye jenasi nyingine, Charybdis. Ukipata 9 lakini lile la mwisho ubavuni ni refu limechomoka kama mwiba, huyo ni Portunus, yule kaa wa buluu anayenaswa kwenye nyavu.

Sasa angalieni jinsi picha inavyoharibika hapa. Ukimpiga kwa ubavu, meno ya upande mmoja yamejificha na ya upande wa pili yamebanana, huwezi kuhesabu. Ukimpiga akiwa amejaa mchanga, jino la kwanza na la pili zinaonekana moja. Ukimpiga kutoka mbali ukakuza picha, ukingo unakuwa ukungu. Kwa hiyo simama juu yake, simu iwe sambamba na gamba lake, mmwagie maji kidogo kuondoa mchanga, kisha gusa skrini pale pale ukingoni ili simu ijue unataka kuona nini. Usipogusa, simu inachagua yenyewe, na mara nyingi inachagua nyasi.

Picha ya pili ni ya mguu wa mwisho. Kaa muogeleaji, ncha ya mguu wake wa nyuma imepigwa bapa kama kasia. Kaa wa miambani na kaa wa mchangani, ncha yake ni kali kama msumari. Ukiniletea picha yenye mguu huo, umenipunguzia nusu ya kazi, maana najua kama nihesabu meno au nisihesabu. Na kila mara ninapoletewa kaa aliyeshikwa kwa nyuma, vidole vya mshikaji vimefunika mguu huo huo. Sijui kwa nini. Labda ndiyo mahali pekee ambapo magando hayafiki.

Picha ya tatu, tumbo. Chini ya kila kaa kuna mkia uliokunjwa ukabanwa kifuani. Dume wake ni mwembamba, umechongoka, na jike aliyekomaa wake ni mpana kama kijiko cha kupakulia. Picha hiyo haikuambii jina lake moja kwa moja, ila inakuzuia kosa, kwa sababu dume na jike wa kaa mmoja wanaweza kutofautiana sana. Yule Portunus, dume ana buluu ya kukata na shoka, jike ana rangi ya udongo. Watu wawili wamewahi kunibishia kwamba ni kaa wawili.

Na kwa kuwa nimemtaja Portunus, niseme la mahali. Vitabu vya zamani vinamwita Portunus pelagicus, kuanzia kwetu mpaka Australia. Mwaka 2010 wataalamu walimchambua upya wakaona ni aina 4 zilizokuwa zimebeba jina moja. Wa upande wetu wa magharibi mwa Bahari ya Hindi sasa ni Portunus segnis. Kwenye picha ya kawaida wanafanana sana, na kinachomtambulisha kwanza ni pale ulipompigia. Kwa hiyo picha nzuri isiyo na mahali ni nusu ya picha. Na hapa kuna mtego wa simu: ukinitumia picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na taarifa za mahali na saa zinavuliwa njiani. Ukinitumia kama faili, yaani unachagua "Document" badala ya "Gallery", inafika na kila kitu chake, mradi ulikuwa umeruhusu kamera ihifadhi mahali. Kama hilo linakuchosha, niandikie tu: Jambiani, kwenye majani ya bahari, maji ya magotini, saa nne na nusu. Mstari huo unanitosha.

Naona mzee pale anataka kuuliza kuhusu kaa wa mchangani, wale weupe wanaokimbia kama wana deni. Hao ni jenasi ya Ocypode, na pwani yetu wako wa aina 3. Kwao usihangaike na gamba, tazama jicho. Kaa mzima wa Ocypode ceratophthalmus ana kipembe kimechomoza juu ya jicho, kama kijiti kimechomekwa. Wengine wawili hawana. Ila hapa angalieni sana, mtoto wake naye hana bado. Kaa mdogo asiye na kipembe hakuthibitishii kitu. Hapo unatazama ndani ya kiganja cha gando kubwa. Kukiwa na safu ya vijino kama kitana, hicho ni chombo chake cha kupigia sauti. Ocypode cordimana, anayekaa juu zaidi karibu na miti, hana kitana hicho. Ocypode ryderi anacho, na viungo vya miguu yake vina urujuani wa kupauka. Kumpiga ndani ya gando si kazi ya mtu mmoja. Mfunike kwa bakuli la plastiki linalopitisha mwanga, atainua magando mwenyewe kukutishia, wewe unapiga kwa mbele.

Jambo la mwisho la kaa, halafu nimwache. Mara nyingi natumiwa "kaa aliyekufa", mzuri, mzima, hana hata kidonda. Mwinueni. Akiwa mwepesi kama karatasi na nyuma ya gamba pamefunguka kama kifuniko cha sanduku, hajafa, amebadilisha gamba na kuondoka zake kwa mlango huo. Gamba hilo ni zawadi, lina meno yote, lina miguu yote na halikimbii. Lipige pande zote utakavyo.

Sasa kiti cha pweza. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapokosea na ndipo viumbe wanapoumia.

Mama mmoja mkulima wa mwani, simtaji kwa kuwa yumo humu ndani na ananitazama, alinitumia picha ya kitu cha mviringo kama mkate wa mofa. Kipana kuliko sahani ya chai, kimevimba, kina rangi ya kahawia na madoadoa, hakina mkono wala mguu. Akaandika: "Jiwe hili linatembea." Alikuwa amelikuta asubuhi kwenye kamba ya pili ya shamba lake, na jana yake halikuwepo.

Mwanzo watu waliokuwa kwenye kundi letu la simu walitaja kila kitu. Mmoja akasema ni sifongo. Mwingine akasema ni jongoo bahari aliyejikunja. Mwingine, fundi wa kujua kila jambo, akasema ni yai la kitu. Nikamwomba mama achukue picha moja zaidi: amgeuze taratibu akiwa ndani ya maji, apige chini, kisha amrudishe. Picha ilipofika hapakuwa na ubishi. Chini kuna mifereji 5 inayotoka pembeni na kukutana katikati, penye mdomo, na ndani ya kila mfereji kuna safu za vijiguu vilaini visivyohesabika. Hiyo ndiyo alama ya jamii nzima ya viti vya pweza. Mikono inaweza kupotea, mifereji haipotei. Huyu ni Culcita schmideliana, na mikono yake imemezwa na mwili wake ndani ya ule mto. Na kwenye ukingo wa mfereji mmoja palikuwa na kitu chembamba kama uzi mwekundu. Nilipokuza picha nikaona ni uduvi mdogo, urefu hauzidi punje mbili za mchele. Yupo uduvi anayeishi juu ya viti vya pweza maisha yake yote, anafuata rangi ya mwenyeji wake, na asiyetazama chini hamwoni.

Kinachofanya Culcita awapoteze hata wazoefu ni watoto wake. Akiwa mdogo hana mto, ni bapa, ana pembe 5 na ukingo uliopangwa vipande kama mkeka. Ukimweka pembeni ya mama yake utaapa ni mtu wa ukoo mwingine. Ndiyo maana nasema wekeni kipimo kwenye picha. Rula ni bora, sarafu inafaa, kidole hakifai kwa sababu sikijui kidole chako. Kiumbe wa sentimita 4 na wa sentimita 20 kwenye skrini ni sawasawa, na kumbe umri ndio ungeniambia nitazame nini.

Wa pili wa kuwachanganya ni yule mwenye vifundo vyekundu ambaye wageni wote wanataka kupiga naye picha. Protoreaster lincki. Mwili wake ni wa kijivu kilichopauka, umetandwa wavu mwekundu, na vifundo vimesimama juu. Watu wanamwamua kwa wekundu, na wekundu unadanganya, kwani wapo waliokolea, wapo waliopauka mpaka rangi ya chungwa, na yupo jirani yake Pentaceraster anayekuja kwa rangi karibu zote. Tazama kando ya mikono, karibu na ncha. Lincki ana miiba minene iliyochomoza kwa pembeni, nje ya mkono, siyo juu. Picha iliyopigwa kwa juu peke yake inaonyesha vifundo vya mgongoni vizuri sana na miiba ya kando inapotea kwenye mchanga. Shusha simu, piga kwa usawa wa mchanga, mkono mmoja ukielekea kwako.

Na kuhusu kumwinua. Vijana wa kutembeza wageni, nasema nanyi kwa heshima. Kiti cha pweza anavuta hewa kwa vijiguu vyake na kwa ngozi yake laini ya mgongoni, na vyote vinahitaji maji. Akimshika mgeni wa kwanza, akapewa wa pili, akapewa wa tatu, na kila mmoja anatafuta tabasamu lake, huyo mnyama amezuiwa pumzi muda wote huo. Picha ya chini inapigwa ndani ya maji, ya kifundo cha mguu tu yanatosha. Mgeuze kwa mikono miwili, usimvute kwa ncha ya mkono maana ameshika chini na vijiguu vitakatika, piga mbili, mgeuze. Hesabu hadi kumi, asizidi hapo. Mgeni atapata picha yake, tena safi zaidi, kwani chini ya maji rangi haipauki.

Kuna picha ya ajabu natumiwa kila mwaka, na safari hii aliyenitumia ni mwalimu: kiti cha pweza mwenye mkono mmoja mrefu na vimikono vinne vidogo vilivyochipua mwisho wake, kama nyota yenye mkia. Aliuliza kama ni kilema. Si kilema. Linckia multifora ana tabia ya kuuachia mkono wake uende zake, na ule mkono unaota mwili mzima upya. Kwa hiyo mikono isiyolingana, mikono 4, mikono 6, si aina mpya. Angalia kwanza kama kuna mmoja uliokuwa ukiota.

Nifike kwa koa wa bahari, na hapa niungame kosa langu mwenyewe.

Kwa muda mrefu nilikuwa na picha moja niliyoipenda. Kiumbe mweusi kama hariri, ukingo wake wote umezungushwa mstari wa rangi ya chungwa. Nilimkuta chini ya jiwe kule karibu na mwamba, nikamweka kiganjani, nikampiga. Nikawaonyesha watu, nikasema huyu ni koa wa bahari. Nikaionyesha hata kwa wanafunzi. Hakuna aliyenibishia, kwa sababu nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku moja nikamkuta mwingine, naye niligeuza jiwe, lakini safari hii akaponyoka akaanguka kwenye kidimbwi. Nikamwona anaogelea. Mwili mzima unapiga mawimbi, mwembamba kama kitambaa cha ushungi. Nikapiga picha tatu pale pale. Ya kwanza kwa juu: mwili bapa, haupandi popote, hauna mgongo. Ya pili mbele, karibu kabisa: ukingo wa mbele umekunjwa mara mbili ukafanya kama vimasikio viwili, lakini ni mkunjo wa ukingo ule ule, hapana kitu kilichosimama kutoka mgongoni. Ya tatu nyuma: pamelala tupu, hapana shada. Na nilipojaribu kumsogeza kwa kidole, ukingo ukachanika kama karatasi iliyolowa. Nikakaa juu ya jiwe nikajicheka. Alikuwa mnyoo bapa, jenasi ya Pseudobiceros, na picha yangu ya miaka yote ile ni ya mnyoo bapa vilevile.

Koa wa kweli, jamii ile ya rangi za kupendeza, ana vipembe viwili vimesimama juu ya kichwa, vinatoka mgongoni na si ukingoni, na mara nyingi vina mikunjo kama skrubu. Hivyo ndivyo pua yake, ananusia maji. Nyuma, wengi wao wana shada la manyoya limezunguka mahali pa haja, na hilo ndilo pafu lake. Mwili wake una unene, una mguu chini kama wa konokono, ukimgusa unashika nyama.

Sasa msikilize kwa makini, maana hapa kanuni nzuri inageuka kuwa mtego. Koa akiguswa anaviingiza vipembe na shada ndani ya vishimo vyake. Ukimpiga saa hiyo utaona mwili laini usio na kitu, uandike mnyoo, na utakuwa umekosea kinyume changu. Kwa hiyo usimguse. Ukigeuza jiwe na kumkuta, tulia. Subiri dakika mbili au tatu mpaka maji yatulie naye atulie, vipembe vitatoka vyenyewe. Halafu kuna koa wasio na shada mgongoni hata wakitulia siku nzima, kama Phyllidia, yule mwenye vinundu kama ngozi ya chura, ambaye mapafu yake yamefichwa chini ya ukingo. Kwa hiyo shada likiwepo limekujibu. Lisipokuwepo halijakujibu. Vipembe ndivyo vya kutegemewa zaidi.

Yote hayo hayaonekani kiganjani. Koa nje ya maji ni kamasi. Anajimwaga, vipembe vinalala, rangi zinaungana, hata mtaalamu aliyemwandika kwa mara ya kwanza hatamjua. Picha ya koa inapigwa ndani ya kidimbwi, na adui wako ni mng'aro wa jua juu ya maji. Simama ili kivuli chako kiangukie kidimbwi, au mwenzio ashike kofia, ulaze simu kidogo usiielekeze wima kabisa. Kama una bakuli jeupe, chota maji ya bahari, mhamishe kwa kumkinga na maji na si kwa kumbana, mpige humo, kisha mrudishe pale pale. Na jiwe lirudishwe lilivyokuwa, tumbo chini. Walio chini ya jiwe hawajui jua, wakiachwa wazi saa mbili mpaka maji yarudi wanakauka.

Mmoja tu nimtoe kwenye hesabu hii, kwa kuwa wengi mnamkanyaga. Yule anayefanana na tope lililooza, mzito, nyuma amekatwa kama kwa kisu, na ukimgusa anatoa wino wa zambarau. Dolabella auricularia. Naye ni wa jamii ya koa. Wino wenyewe ni alama, kwa hiyo kama maji yamegeuka zambarau niandikie hivyo, hata kama picha imeshindikana.

Mnaniuliza pia kwa nini jongoo bahari wengi nawajibu nusu. Nawajibu nusu kwa sababu nusu ndiyo iliyopo. Aina nyingi zinatengwa kwa vipande vidogo mno vya chokaa vilivyomo ndani ya ngozi, na hivyo vinatazamwa kwa hadubini. Simu haiwezi. Nikikuandikia "Holothuria, basi", sijakuficha kitu, ndipo picha ilipoishia. Vilevile mkipandisha picha zenu iNaturalist, ule mtandao ambapo watu hutambuliana viumbe, msione haya kuishia kwenye jenasi au hata kwenye "kaa". Aliyeweka jina la juu lililo sahihi anasahihishwa kwa siku moja. Aliyeweka jina la chini lililo kosa, mwenziwe anakuja kumkubalia kwa adabu, na wawili wakikubaliana pale kosa linapata muhuri.

Kabla sijakaa, la usalama ni fupi. Konokono mwenye kombe la umbo la pia, lenye michoro kama khanga, msimwokote. Wapo kati yao ambao mwiba wao umeua watu. Huyo mpige alipo, mgongo unatosha, na ndiye pekee leo nitakayesema hivyo.

Kesho maji yatakupwa kiasi cha saa nne na robo. Tunaondoka saa tatu, tunayafuata maji yakitoka, siyo kuyasubiri yakitoka yote, na yakianza kugeuka sote tunageuka. Mje na viatu, rula, bakuli jeupe kwa mwenye nalo.

Ndiyo, mama, nimekuona. Lete simu.

Huyu umempata wapi? Karibu na vigingi. Kiti cha pweza, naam, mikono 5, wa kijivu, vifundo… vyekundu, lakini vimepauka. Inaweza kuwa lincki, inaweza kuwa mwingine. Kando ya mikono sioni, mchanga umefunika. Chini yake ulimpiga?

Hukumpiga. Haya, yupo bado pale?

Basi tutaanzia kwako.